Yunit trasti inavyogawa hatari, na jinsi ya kuikagua kabla hujaweka hela yako

Ukimuuliza mtu yunit trasti, yaani mfuko wa pamoja wa uwekezaji, inapunguzaje hatari, wengi watakwambia tuko wengi, hasara ikitokea tunagawana, kwa hiyo kila mmoja anaumia kidogo. Hapo ukweli ni nusu tu, na ile nusu iliyobaki ndo inayowaponza watu. Kugawana na wenzako hakupunguzi asilimia ya hasara yako hata kidogo. Kinachoipunguza ni wingi wa vitu ambavyo pesa imewekwa, na vitu hivyo kutofanana. Wale watu wengi wanahitajika ili pesa ikusanyike iwe kubwa ya kutosha kununua vitu vingi. Tulipitie hili taratibu kwa namba, alafu tuone unavyoweza kuukagua mfuko wowote ule mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Ukiweka hela kwenye mfuko wa pamoja hununui hisa moja kwa moja wala hatifungani, yaani karatasi ya mkopo unaoipa serikali au kampuni ikulipe riba, unanunua vipande vya mfuko. Mfuko ndo unaonunua hisa, hatifungani na amana za benki. Kila siku ya kazi meneja anajumlisha thamani ya mali zote kwa bei ya siku hiyo, anatoa madeni na gharama, anagawanya kwa idadi ya vipande vilivyopo. Jibu linalopatikana ndo thamani ya kipande, na ndo bei unayonunulia ukiingia na unayouzia ukitoka (mifuko mingine inakata ada kidogo mlangoni, ya kuingia au ya kutoka, kwa hiyo bei mbili zinaweza kupishana).

Kitu kingine cha kujua mapema ni kwamba meneja hakai na mali zenyewe. Kwenye mfuko uliosajiliwa vizuri mali zinatunzwa na benki nyingine, na kuna mdhamini anayesimama upande wa wenye vipande. Kampuni ya meneja ikifilisika wadai wake hawana haki ya kuchukua mali za mfuko. Hii inakulinda na meneja kuanguka au kutoroka na mali, haikulindi na bei kushuka. Watu wanachanganya sana hivi viwili, wanasikia mfuko umesajiliwa na unasimamiwa na mamlaka, wanaelewa kwamba pesa haiwezi kupungua. Inaweza.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya kampuni moja kufa

Hii hesabu ukiielewa umeelewa kila kitu, kwa hiyo chukua kalamu. Tuseme watu 5,000 wamechangia jumla bilioni moja. Kipande kimeanza kwa bei ya 100, kwa hiyo vipo vipande milioni 10. Wewe umeweka laki mbili, una vipande 2,000. Kuna mwenzako ameweka milioni 50, yeye ana vipande 500,000.

Meneja amegawa hivi: nusu, yaani milioni 500, iko kwenye hatifungani za serikali. Milioni 200 ni amana kwenye benki nne, milioni 50 kila benki. Milioni 300 iliyobaki ni hisa za kampuni 15, milioni 20 kila kampuni, kwa hiyo kila kampuni ni asilimia 2 ya mfuko.

Sasa kampuni moja kati ya hizo 15 inafilisika kabisa, hisa zake zinakuwa karatasi tu. Mfuko unapoteza milioni 20, unabaki na milioni 980, ukigawa kwa vipande milioni 10 unapata 98. Vipande vyako 2,000 sasa ni 196,000, umepoteza elfu nne. Mwenzako wa milioni 50 amebaki na milioni 49, amepoteza milioni moja nzima.

Angalia asilimia. Wewe umepoteza 2 na yeye amepoteza 2. Hata mngekuwa watu 50 badala ya 5,000, au watu laki tano, ilimradi mgawanyo wa mali ni uleule, bado ingekuwa 2. Idadi ya watu haijafanya lolote hapo. Kilichokuokoa ni kwamba ile kampuni ilikuwa na asilimia 2 tu ya pesa, wakati mtu aliyeweka laki mbili zake zote kwenye hisa za kampuni hiyo peke yake ameondoka mikono mitupu.

Swali sasa, kwa nini basi usigawe mwenyewe bila mfuko? Jaribu na laki mbili yako. Asilimia 2 ya laki mbili ni elfu nne, kwa hiyo ungetakiwa ununue hisa za elfu nne elfu nne kwenye kampuni 15, alafu hatifungani ambazo kwa kawaida zina kiwango cha chini cha kununua, alafu ufungue amana benki nne. Kamisheni za dalali kwenye manunuzi madogo kama hayo zingekula sehemu kubwa ya mtaji kabla hata hujaanza. Hapo ndo wenzako 4,999 wanapokusaidia, pamoja mnanunua kwa mafungu makubwa na gharama inagawanyika. Na wanakusaidia kwa jambo jingine ambalo halisemwi sana, siku unayotaka kutoka kuna wengine wanaingia, pesa yao ndo inakulipa wewe na mfuko haulazimiki kuuza mali haraka kwa bei mbaya. Hili la pili lishike maana baadaye litageuka.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya soko zima kushuka

Mfuko uleule, safari hii hakuna kampuni iliyokufa, ila soko la hisa lote limeshuka asilimia 30, kampuni zote 15 kwa pamoja. Hisa za milioni 300 zimepungua kwa milioni 90. Mfuko una milioni 910, kipande ni 91. Laki mbili yako sasa ni 182,000.

Chukua mfuko mwingine ambao una hisa tupu lakini za kampuni 40. Soko lilelile likishuka asilimia 30 kipande chake kinatoka 100 hadi 70, na laki mbili inakuwa laki moja na elfu arobaini. Kampuni 40 zimemfanya mtu aumie zaidi kuliko kampuni 15, kwa sababu zote zinapanda na kushuka pamoja na hakuna kitu cha aina nyingine pembeni cha kuzishikilia.

Mwaka 1952 Harry Markowitz alionyesha kihesabu kwamba hatari ya mkusanyiko wa mali inategemea sana jinsi mali hizo zinavyotembea pamoja, mbali na hatari ya kila moja peke yake, na mwaka 1990 alipata tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni hii, hatari ya kampuni moja kuharibikiwa unaweza kuigawa mpaka ikawa ndogo sana, lakini hatari ya soko zima haigawiki kwa kuongeza kampuni za soko lilelile. Hata hatifungani za serikali zina yao: riba mpya sokoni zikipanda, hatifungani za zamani zenye riba ndogo zinashuka bei, na zile za miaka mingi zinashuka zaidi kuliko za muda mfupi. Kwa hiyo usishangae mfuko wa hatifungani tupu ukishuka mwaka ambao hakuna aliyeshindwa kulipa.

Hatua ya 4: Soma orodha ya mali kama mkaguzi

Tafuta ripoti ya mwezi ya mfuko na ile ya mwaka iliyokaguliwa. Mfuko usiotoa orodha ya mali zake kabisa mimi nisingeugusa. Ukiipata orodha usihesabu mistari, wengi wanaona mistari 30 wanaridhika. Fanya hivi.

Kwanza jumlisha kwa jina. Benki moja inaweza kutokea sehemu tatu kwenye orodha moja, mfuko una amana yake, una hisa zake, alafu una hatifungani iliyotolewa na benki hiyohiyo. Kwenye mfano wetu, kama kampuni mojawapo kati ya zile 15 ni benki ambayo pia ina amana ya milioni 50, basi mfuko una milioni 70 kwa benki hiyo, asilimia 7, wakati ukisoma juujuu unaona 5 sehemu moja na 2 sehemu nyingine na huunganishi. Benki ile ikipata shida, hisa zitaanguka na amana itakwama siku moja.

Pili jumlisha kwa sekta. Tuseme kati ya kampuni 15, kumi ni benki. Hisa za benki ni milioni 200, ongeza amana za milioni 200, unapata milioni 400, yaani asilimia 40 ya mfuko inategemea sekta moja tu. Meneja hajadanganya popote na kila mstari unaonekana mdogo, ila mgawanyo wa kweli ni mdogo kuliko unavyoonekana. Masoko madogo ya hisa yana tatizo hili kiasili kwa sababu kampuni kubwa zilizoorodheshwa ni chache na nyingi ni za aina moja, meneja hata akitaka kugawa zaidi hana pa kwenda. Kwenye masoko ya namna hiyo usidai miujiza, ila ujue unabeba nini.

Tatu angalia mali kubwa tano au kumi zinachukua asilimia ngapi. Waraka wa toleo, ule unaoeleza masharti ya mfuko, huwa unaandika kikomo cha kampuni moja, soma kikomo hicho alafu linganisha na hali halisi kwenye ripoti. Hisa moja ikipanda sana inaweza kuvimba mpaka ikapita kikomo bila meneja kununua hata hisa moja mpya, na hapo unataka kuona anapunguza.

Ukishamaliza hizo jumla, rudia ile hesabu ya hatua ya 2 kwa jina kubwa kuliko yote uliyolipata. Jiulize likipotea lote kipande changu kinabaki bei gani. Kama jibu linakukosesha usingizi, mfuko huo si wako.

Hatua ya 5: Angalia namna watu wanavyotoka

Hapa ndo pale wenzako wanapoacha kuwa msaada na kuwa hatari, na ni sehemu ambayo matangazo hayaigusi kabisa.

Rudi kwenye mfano. Kampuni imekufa, thamani halisi ya kipande ni 98. Tuseme kwa sababu yoyote, pengine uzembe wa kukadiria bei, pengine hisa zenyewe hazijauzwa sokoni muda mrefu, mfuko bado unatangaza 100. Wenye taarifa wanakimbia, nusu ya vipande, milioni 5, vinarudishwa na kulipwa 100 kila kimoja. Zimetoka milioni 500. Mfuko ulikuwa na milioni 980, umebaki na milioni 480, na vipande vilivyobaki ni milioni 5. Gawa, unapata 96. Hasara ilikuwa asilimia 2 kwa kila mtu, sasa waliotoka hawajapoteza kitu na waliobaki wamepoteza 4, yaani wamewalipia wenzao. Ndo maana bei ya kipande kukadiriwa kwa ukweli kila siku ni jambo la haki, siyo la uhasibu peke yake.

Na hata bei ikiwa sahihi bado kuna tatizo la ukwasi, yaani wepesi wa mali kugeuzwa pesa. Anayetoka kwanza analipwa kwa kile kinachouzika haraka, amana na dhamana za muda mfupi, wanaobaki wanabaki na vile visivyouzika.

Hili limetokea kweli. Marekani kulikuwa na mfuko unaoitwa Reserve Primary Fund, mfuko wa soko la fedha, yaani unaoweka pesa kwenye madeni ya muda mfupi, wa aina ambayo watu waliiona salama kama akaunti ya benki, kipande chake kikiuzwa dola moja kamili siku zote. Mwezi Septemba 2008 ulikuwa na mali za kama dola bilioni 62, na ndani yake kulikuwa na karatasi za deni za benki ya Lehman Brothers za dola milioni 785. Piga hesabu, ni asilimia 1 na kidogo. Kwa kugawa hatari huo ni mgawanyo mzuri tu. Lehman ikafilisika tarehe 15 Septemba, watu wakaanza kutoka kwa kasi kwa bei ya dola moja, na tarehe 16 mfuko ukatangaza kipande ni senti 97. Malipo yakasimamishwa na mfuko ukafungwa. Mwisho wa yote wenye vipande walirudishiwa karibu senti 99 kwa kila dola, maana hasara yenyewe kweli ilikuwa ndogo, ila walilipwa kwa mafungu na kwa kusubiri muda mrefu, watu waliokuwa wanategemea kuchukua pesa hiyo siku wanayotaka.

Kwa hiyo mgawanyo wa mali ulifanya kazi yake hadi mwisho, kilichovunjika ni mlango wa kutokea. Uingereza nao tarehe 3 Juni 2019 mfuko wa Woodford Equity Income ulifunga utoaji wa pesa, ukiwa na hisa nyingi za kampuni ambazo hazijaorodheshwa sokoni au haziuziki kirahisi, wakati wenye vipande waliahidiwa kutoka siku yoyote ya kazi. Haukufunguliwa tena, mwaka huohuo ikaamuliwa uvunjwe na mali ziuzwe.

Cha kukagua hapa ni vitu viwili. Kwenye waraka wa toleo tafuta kipengele cha kuuza vipande, wanalipa ndani ya siku ngapi za kazi, na je, meneja ana haki ya kusimamisha au kulipa kidogokidogo maombi yakiwa mengi (mara nyingi anayo, na kusema kweli ni kinga kwa wanaobaki, ila ujue ipo). Alafu kwenye orodha ya mali kadiria ni asilimia ngapi inaweza kugeuzwa pesa ndani ya wiki moja. Linganisha hivyo viwili. Mfuko unaoahidi kulipa ndani ya siku tatu huku asilimia 60 ya mali ni vitu vinavyochukua miezi kuuzika una ahadi kubwa kuliko uwezo wake.

Hatua ya 6: Pima ada dhidi ya mgawanyo unaoupata

Hii fupi. Ada ya usimamizi inakatwa ndani ya mfuko kabla bei ya kipande haijatangazwa, kwa hiyo huioni ikitoka. Ukiona mfuko mali zake karibu zote ni hatifungani za serikali zinazolipa riba ya 10 kwa mwaka na gharama zote za mfuko ni 2, unatoa moja ya tano ya mapato yako kwa kugawiwa kitu ambacho hakihitaji kugawanywa sana, kwa sababu mdaiwa ni mmoja, serikali. Kama una mtaji wa kufikia kiwango cha chini cha kununua hatifungani mwenyewe, linganisha. Kama huna, au unataka uwezo wa kutoka muda wowote, ada hiyo inaweza kuwa halali kabisa. Kwenye mfuko mchanganyiko wa hisa, hatifungani na amana ada unailipia kazi ambayo kweli usingeweza kuifanya mwenyewe na laki mbili.

Hatua ya 7: Ukishaingia, fuatilia namba mbili

Watu wanafuatilia bei ya kipande peke yake. Fuatilia bei pamoja na idadi ya vipande vilivyoko mikononi mwa watu, huwa imeandikwa kwenye ripoti, na kama haipo gawanya thamani ya mfuko wote kwa bei ya kipande utaipata. Bei ikishuka huku idadi ya vipande imetulia, soko limeshuka tu na watu wamekaa. Bei ikitulia huku idadi ya vipande inapungua mwezi hadi mwezi, watu wanatoka, na hapo rudi kwenye orodha ya mali uangalie sehemu ya amana na dhamana za muda mfupi. Mfano amana zilikuwa asilimia 20, mwezi uliofuata 14, kisha 9, wakati hisa zisizouzika zimepanda asilimia bila kununuliwa. Maana yake wanaotoka wanalipwa kwa zile mali nyepesi na nyie mliobaki mnazidi kushika zile nzito. Mwandikie meneja umuulize anapanga kulipa vipi maombi ya miezi mitatu ijayo, unastahili kujibiwa hata kama una vipande 2,000 tu. Akikujibu kwa maneno ya jumla bila asilimia wala muda, uza vipande vyako wakati amana bado zipo.